Nusu ya Jibu

Nilirudi darasani nikiwa na watoto wawili, na mwalimu wangu wa biolojia alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa. Nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii huko milimani Mbooni, wale tunaopita nyumba kwa nyumba tukiwauliza kina mama kama mtoto amechanjwa, kama mzee anameza dawa zake. Nilitaka kuwa muuguzi. Chuo kilitazama cheti changu cha kidato cha nne, kikaona biolojia nimepata alama ya aibu, kikaniambia nirudie mtihani wote. Basi nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi katika shule ya wasichana iliyo juu kidogo ya Kikima, na mwalimu mkuu akaniruhusu niwe naingia masomo ya Jumamosi pamoja na wale wa kidato cha nne.

Siku ya kwanza nilikaa nyuma kabisa. Wasichana waliponiona walisimama, wakadhani ni mzazi amekuja kulalamika. Nilipotoa kalamu ndipo wakaketi, wakicheka chinichini. Yule niliyeketi naye, msichana mrefu mwenye sauti nzito, alinisogezea karatasi yake ya mtihani wa zamani bila kuniangalia, akasema, "Mama, tuko swali la tatu."

Mwalimu, ambaye sote tulimwita Madam, hakupenda hotuba. Alikuja na rundo la karatasi za mitihani iliyopita, akagawa, tukajibu, tukasahihisha. Swali hilo la tatu lilisema tueleze jinsi vifuko vya hewa ndani ya mapafu vinavyofaa kwa kazi yao. Niliinua mkono. Mimi niliwahi kusimama na mabango ya mapafu mbele ya akina mama wa kanisa, sikuona la kunitisha.

"Kuta zake ni nyembamba," nikasema. "Zina unyevu. Na zimezungukwa na mishipa midogo ya damu."

"Ili?" akauliza Madam.

"Nyembamba sana," nikaongeza.

"Kuta ni nyembamba ili nini, Mama? Unyevu ni wa nini? Umenionyesha nyumba, hujaniambia anayeishi humo anafanya nini."

Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza na yeye alifundisha kwa Kiingereza, lakini neno hilo moja alilisema kwa Kiswahili kila mara. Ili? Msichana wa dirishani akajibu badala yangu: kuta ni nyembamba ili gesi zipite kwa urahisi, safari yake iwe fupi, unyevu ni ili oksijeni iyeyuke kwanza kabla ya kupita, mishipa ya damu ni mingi ili oksijeni ichukuliwe upesi na nafasi ya nyingine kuingia ibaki. Madam akaandika ubaoni mambo mawili mawili, la umbo upande mmoja na la kazi upande wa pili, akachora kamba katikati. Akasema anayesahihisha huko mbali hakujui, hajui kama wewe ni mke wa nani wala umeokoka lini. Anayo mistari miwili uliyoandika, basi. Ukimpa umbo bila kazi, umempa nusu ya jibu, na nusu ya jibu mara nyingi haipewi alama yoyote.

Nilishuka kilimani siku ile miguu ikiwasha. Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani mama mkwe hunibana goti niache kulitikisa. Nikisoma, nasoma nikitembea: naenda mtoni na mtungi nikisema chembe nyekundu za damu zimebonyea pande zote mbili ili zipate eneo kubwa la kupokea oksijeni, nageuka na mtungi umejaa nikisema hazina kiini ili nafasi yote ijae himoglobini. Majirani walizoea. Mmoja alimuuliza mama mkwe kama nimeanza kunena kwa lugha.

Mama mkwe, ambaye namwita Mwaitu, yaani mama, kama wanawe wanavyomwita, hakuipenda shule hii yangu. Hakusema wazi. Alisema tu, "Mtu akishika jembe na kalamu pamoja, kimoja kitaanguka." Mume wangu alikuwa kazini Emali, akirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo tulikuwa mimi na Mwaitu na watoto na ng'ombe mmoja mkorofi.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya chupa yake ya chai. Kulikuwa na swali lililojirudia katika karatasi nyingi, la mbegu zinazochipua kwenye chupa ya kuhifadhi joto, na kando yake chupa nyingine yenye mbegu zilizochemshwa. Nilikuwa nimelikariri jibu lakini sikuliamini. Mbegu kupumua! Basi nikaloweka ndengu, nikasubiri zitoe vimizizi, nikazijaza kwenye chupa ya Mwaitu. Nyingine nikazichemsha zikafa, nikaziacha zipoe, nikazitia kwenye chupa niliyoazima kwa jirani. Zote nikaziziba na pamba, nikaziweka nyuma ya pipa.

Kesho yake asubuhi Mwaitu akatafuta chupa yake kumwekea mchungaji chai. Nilimkuta amesimama mlangoni ameishika kama mtu aliyeshika nyoka.

"Umetia nini humu?"

"Ndengu, Mwaitu. Ni za masomo."

"Za masomo kwenye chupa ya mchungaji?"

Nikamwomba atie vidole ndani kabla hajazimwaga. Alinitazama, kisha akatia. Uso wake ukabadilika.

"Hizi zina homa," akasema.

Nikamletea ile nyingine ya zilizochemshwa. Akatia vidole. Baridi. Akarudi kwenye ya kwanza, akatia tena. Nikamweleza kwamba mbegu inayochipua inavunja chakula chake kupata nguvu ya kukua, na nguvu nyingine inapotea kama joto. Iliyochemshwa imekufa, haivunji kitu. Nikamwambia na sisi tuna joto kwa sababu hiyo hiyo. Alimwaga ndengu zote kwenye sufuria ya kulishia kuku, akaosha chupa kwa majivu, lakini jioni nilimsikia akimwambia jirani ng'ambo ya ua kwamba ndengu hupata homa zikitaka kuzaliwa.

Niliona kama nimefika. Hapo ndipo mtihani wa majaribio ulipokuja kunivuruga.

Swali lilionyesha mchoro wa bomba la hewa, lile linaloshuka shingoni kuelekea mapafuni. Lina pete za gegedu zenye umbo la herufi C: ngumu mbele, zimeachwa wazi nyuma. Sehemu ya kwanza iliuliza kazi ya pete. Niliandika: kulizuia bomba lisijifunge, ili hewa ipite wakati wote. Alama. Sehemu ya pili ikauliza ni kwa nini pete hazikukamilika upande wa nyuma. Nikaandika: ili chakula kiweze kupita.

Madam aliweka alama kubwa nyekundu ya kosa.

Nilikuwa nimepata alama chache kuliko nilivyotarajia, na ile ndiyo ingenivusha mstari niliouweka moyoni. Nikasimama. "Madam, hii nimeunganisha. Nimesema ili. Umbo na kazi, vyote viko."

"Viko," akasema. "Lakini chakula kinapita wapi, Mama?"

"Kinapita kooni."

"Kwenye bomba la hewa?"

Nikasema msahihishaji yeyote mwenye busara angeelewa ninachomaanisha. Akasema msahihishaji hakai kichwani mwangu. Nikasema mimi ndiye ninayewafundisha akina mama jinsi ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa, siwezi kukosa swali la koo. Wasichana waliinamisha vichwa, wakiona haya kwa niaba yangu.

"Mama," akasema Madam kwa upole ambao uliniudhi zaidi kuliko kelele, "kuandika 'ili' hakutoshi. Kinachofuata lazima kiwe kweli."

Nilikusanya vitu vyangu nikatoka. Niliteremka ile njia ya mawe karibu nikimbie, nikimlaumu, nikimwita mtoto, nikihesabu makosa yake. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nikajipa kazi: nikapalilia shamba ambalo halikuwa na magugu, nikapaka choo chokaa. Msichana yule wa sauti nzito alinitumia ujumbe kwa simu ya mamake: Mama, uko mgonjwa? Sikujibu.

Jumamosi baada ya hiyo kulikuwa na sherehe kwetu. Ndugu mdogo wa mume wangu alikuwa anapeleka mbuzi wa posa, na watu wa ukoo walikusanyika, mbuzi mwingine akachinjwa hapo nyumbani wa kuliwa. Nilikuwa napita na beseni la maji pale wanaume walipokuwa wanachuna nyuma ya zizi. Mmoja alikuwa ametoa mapafu, yamening'inia kwenye bomba lake, meupe ya waridi, mazito kidogo. Alikuwa anataka kuwarushia mbwa.

"Ngoja," nikasema.

Wanaume wakanigeukia. Si kawaida mwanamke kusimama pale. Nikaweka beseni chini, nikampokea yale mapafu kwa mikono miwili, na nikaanza kushika bomba. Mbele lilikuwa gumu, lina vipete vipete kama bomba la kunyonyea mafuta. Nikaligeuza. Nyuma lilikuwa laini kabisa, ngozi tupu. Na kwenye ule ulaini, limeshikamana nalo kutoka juu hadi chini, kulikuwa na bomba la pili. Jekundu, bapa, halina pete hata moja, limelala kama soksi.

Nilibaki nimelishika. Umio. Njia ya chakula. Mabomba mawili, si moja. Miaka yote kichwani mwangu nilikuwa na koo moja tu, tundu moja ambamo chakula na hewa vinapishana kama watu kwenye mlango mwembamba. Nilijua majina ya yote mawili, ningeweza kuyaandika, lakini sikuwahi kuyaona yakilala mgongo kwa mgongo. Nikasukuma kidole ndani ya umio. Ukatanuka, ukajaa, na kila ulipojaa ulisukuma ile sehemu laini ya bomba la hewa. Pete zingekuwa zimezunguka pande zote, kidole changu kingekwama kwenye ugumu.

Kisha nikatia mdomo kwenye bomba la hewa nikapuliza. Mapafu yakafura, yakawa makubwa, yakang'aa. Wanaume wakapiga kelele. Mzee mmoja akasema, "Mke wa kijana wetu amepatwa na nini?" Mwaitu alitokea jikoni kwa sauti ile, akaniona na damu mdomoni mbele ya ukoo mzima. Nilidhani atanisuta. Akasema tu, kwa uchovu, "Ni masomo," akarudi kwenye sufuria.

Jumatatu nilipanda shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne. Madam alikuwa maabara peke yake akiosha mirija. Sikujua jinsi ya kuanza. Nikasimama kwenye meza ya mbele nikasema kama mtoto anayekariri: "Pete hazijakamilika nyuma ili umio uweze kutanuka wakati chakula kinapomezwa."

Alifunga mfereji. "Umio uko wapi?"

"Nyuma yake. Umeshikamana nalo."

"Umeambiwa na nani?"

"Nimeushika."

Akacheka, na nilipomsimulia habari ya kupuliza akacheka mpaka akashika sinki. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amewaambia wasichana. Alikuwa ameajiriwa na bodi ya shule tu, kwa mkataba, na sasa barua ya ajira ya serikali ilikuwa imetoka. Amepelekwa upande wa Mwingi. Ataondoka kabla ya mtihani.

Mwingi ndiko nilikozaliwa. Ningepaswa kumfurahia. "Na sisi?" nikauliza. Akasema ataomba shule ituletee mwingine. Tulijua sote wawili kwamba muhula wa tatu mwalimu wa biolojia hapatikani sokoni.

Aliondoka. Hakuletwa mtu. Mwalimu wa kemia alitufungulia maabara Jumamosi, akatuachia rundo la karatasi, akaenda zake kwenye darasa lake. Ile ya kwanza ilikuwa fujo. Wasichana walijibu, wakanakili jibu kutoka mwongozo wa kusahihisha, wakajipa alama, wakafungua madirisha na kuzungumza habari za wanamuziki. Mimi nilikuwa natembea nyuma ya darasa, naenda, narudi, siwezi kukaa. Yule wa sauti nzito akanigeukia akasema, "Mama, si uje utembelee hapa mbele? Unatutia kizunguzungu."

Basi nikaenda mbele.

Sikuwafundisha. Ningewafundisha nini? Nilisoma swali, mmoja akajibu, nami nikauliza. Swali lilikuwa: kwa nini mwanariadha huendelea kuhema kwa nguvu hata baada ya kumaliza mbio. Msichana wa dirishani akasema, "Kwa sababu amechoka."

"Amechoka, sawa. Ndani ya misuli kuna nini?"

"Uchovu."

Wakacheka. Nikasema tutoke nje. Tukashuka hadi langoni, kisha nikawaambia tupande mbio hadi mlingoti wa bendera. Ule mlima haumwonei mtu huruma. Tulifika juu tukiwa tumeinama, mikono magotini, mapaja yanawaka, mimi nikiwa wa mwisho na leso imefunguka. Tukabaki tunahema. Hakuna aliyekuwa anakimbia tena, na bado tunahema.

"Sasa," nikasema, nilipopata sauti. "Tumesimama. Kwa nini hatunyamazi?"

Yule wa sauti nzito ndiye aliyejibu, akivuta neno baada ya neno: wakati tunakimbia, oksijeni haikutosha misuli, misuli ikavunja glukosi bila oksijeni, ikatengeneza asidi laktiki, asidi imejaa, tunahema ili tupate oksijeni ya ziada ya kuiondoa. Deni la oksijeni. Akaketi kwenye nyasi akaandika papo hapo, gotini, mistari miwili na kidogo. Tukaisoma mmoja mmoja tukitafuta neno la kupunguza.

Tukaendelea hivyo. Majibu yenye ubishi nilikuwa nayapiga picha kwa simu na kumtumia Madam huko Mwingi. Alikuwa akitusahihishia saa yake ya chakula cha mchana na kurudisha ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake ungesikia malori ya barabara ya Garissa yakibadilisha gia. "Nani ameandika kwamba pua ni safi kuliko mdomo? Safi si jibu. Nywele na ute vinanasa vumbi, ili lisifike mapafuni. Mishipa ya damu ya pua inapasha hewa joto. Rudieni." Tukarudia. Mara nyingine mtandao ulikatika, tukabaki na ubishi wetu hadi Jumamosi nyingine, na wasichana wawili waliwahi kukosana kabisa kwa ajili ya vinyweleo vya utumbo mdogo.

Mwaitu alianza kunifungia chakula cha kwenda nacho. Nilikuta tu muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye kopo, lile la sukari.

Siku ya mtihani wa nadharia niliamka nikiwa sijui hata jina langu. Ukumbi ulikuwa baridi, ukungu umekaa madirishani. Msimamizi alinitazama mara mbili, akaangalia kitambulisho changu, akaangalia uso. Mguu wangu ulianza kugonga chini ya meza, akaja akasimama kando yangu mpaka ukaacha. Alipoondoka ukaanza tena.

Nilifungua karatasi na sikuona kitu. Herufi tu. Nikafunga, nikafungua. Swali moja lilionyesha moyo umepasuliwa katikati na kuuliza kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko ule wa kulia. Nikaandika haraka: kwa sababu una misuli mingi. Nikaiangalia ile sentensi. Ilikuwa kweli, na ilikuwa haijasema lolote. Nilikuwa nimelijibu umbo kwa umbo. Nikaikata kwa mstari mmoja, na sasa nilikuwa nimebakiwa na nafasi ya mstari na nusu. Nikaandika kwa herufi ndogo: husukuma damu kwa shinikizo kubwa hadi sehemu zote za mwili, ilhali wa kulia huipeleka mapafuni tu, ambako ni karibu. Maneno yalibanana, lakini yalisomeka.

Kuna maswali niliyoyakosa. La figo nililiacha nusu. Nilipotoka nje wasichana walikuwa wamejikusanya wakibishana, na nilipowapita nilimsikia mmoja akimkata mwenzake kauli kwa sauti kali, "Ili nini?", nikaenda zangu bila kusimama kwa sababu nilikuwa nataka kulia na sikutaka walione hilo kabla hawajamaliza karatasi zao nyingine.

Matokeo yalitoka mwaka ulipoanza. Nilikuwa shambani nikivuna mbaazi, mume wangu akapiga simu kutoka Emali, yeye ndiye aliyetuma ujumbe wa kuulizia. Alisoma somo moja moja polepole kama mtu anayevuka mto. Hisabati ilikuwa mbaya, kama tulivyojua. Biolojia ilikuwa juu ya alama iliyotakiwa na chuo. Akairudia mara mbili, nikamwambia asirudie tena, nitakufa. Msichana wa sauti nzito alinishinda mbali. Sasa yuko chuo kikuu. Yule wa dirishani hakufika alikotaka. Anasuka nywele Wote, na tunapokutana hatulizungumzii.

Nilimpigia Madam. Hakupokea, alikuwa darasani. Alipopiga baadaye nilisikia kelele za watoto nyuma yake, darasa jipya, na akaniuliza swali moja tu: "Figo ulijibu?" Nikamwambia nusu. Akaguna.

Mwezi wa kwenda chuoni Kitui ulipofika, Mwaitu alinisindikiza hadi barabarani, yeye ambaye magoti yake huwa hayampeleki hata kanisani bila kulalamika. Alitangulia na begi dogo kichwani, nami nikimfuata na sanduku. Kwenye kona mbaya alisimama kupumzika, akavuta pumzi, akaniambia ng'ombe atakamuliwa na jirani, watoto watakula, na nisipige simu kila siku kwa sababu hapendi simu. Boda boda ikaja. Alimkemea dereva afunge sanduku vizuri, akalijaribu mwenyewe kwa mkono, akalitikisa, akamwambia akaze tena.